Mstari Hauna Huruma

Kuna watu bado wanamlilia Jonny Bairstow. Wacheni.

Lord's, 2 Julai 2023, Uingereza dhidi ya Australia. Bairstow aliinama, mpira wa Cameron Green ukampita, kipa Alex Carey akaudaka na kuurusha papo hapo. Bairstow alikuwa amekwaruza ardhi kwa kiatu, akaondoka zake akidhani ova imeisha. Mpira ukagonga wiketi. Uwanja ukazomea.

Lakini mwamuzi haulizi nani muungwana. Anauliza: mpira ulikuwa bado mchezoni? Vile vijiti vya juu vilipodondoshwa, kuna sehemu ya mguu au gongo iliyogusa ardhi nyuma ya mstari? Kugusa mstari wenyewe hakutoshi. Mguu ukielea hewani, hautoshi. Na kule kukwaruza hakukulindi ukishatoka.

Mwamuzi wa tatu, Marais Erasmus, aliangalia picha: Bairstow yuko nje, mstari uko nyuma yake. Angekuwa anakimbilia ran, ingeitwa rani auti. Hakuwa akikimbia, na kipa alimtoa peke yake, kwa hivyo ni stampingi.

Eti ova ilikuwa imeisha? Ilitangazwa na nani? Ukitaka kutembea, ngoja mwamuzi aseme.