Jahazi la Picha ya Mwenzio: Madai Manne Yasiyosimama

Tuseme mbunifu wa grafiki amepewa kazi ya bango la hoteli iliyoko Nungwi. Picha ya ufukwe amepiga mwenyewe, lakini bahari imetoka tupu. Anaingia mtandaoni, anapata picha ya jahazi lililotweka tanga wakati wa machweo, anakata jahazi peke yake na kulipachika kwenye picha yake. Analigeuza lielekee kushoto, anapunguza wekundu wa jua ili lilingane na mchana wake, kisha anakabidhi kazi. Bango likishatundikwa, aliyepiga picha ya jahazi analiona. Analitambua papo hapo kwa kiraka cheupe kilichoshonwa kwenye tanga, na kwa maandishi ya ubavuni ambayo sasa yanasomeka kinyumenyume. Anadai malipo. Majibu anayopewa hayabadiliki kutoka kesi moja hadi nyingine, na hakuna hata moja linalomsaidia anayeyatoa.

Dai la kwanza: “Nimechukua kipande tu.”

Wengine hutaja kabisa asilimia: ukichukua chini ya 10, au chini ya 30, huna kosa. Kipimo hicho hakimo katika sheria ya Tanzania wala ya Kenya. Kinachoangaliwa ni kama ulichochukua kina mkono wa mwenye picha. Jahazi lenyewe si mali ya mpiga picha, na yeyote anaweza kwenda ufukweni akalipiga la kwake. Cha mpiga picha ni namna alivyolinasa: pembe aliyosimama, mwanga aliousubiri, sekunde ambayo tanga limejaa upepo. Jahazi lililokatwa hubeba yote hayo, hata kama ni sehemu ndogo ya picha nzima. Na kama si hayo, mbunifu asingeliteua hilo akaacha mengine.

Watetezi wa dai hili wakibanwa hukimbilia kesi ya Marekani ya Andrea Blanch na msanii Jeff Koons. Koons alichukua miguu ya mwanamke kutoka kwenye picha ya Blanch iliyotoka katika jarida la Allure mwaka 2000, akaitia katika mchoro wake uitwao Niagara. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliyoko New York ilimpa Koons ushindi. Lakini haikumpa kwa sababu kipande kilikuwa kidogo tu. Iliona kwamba aliacha mandhari ya ndani ya ndege aliyoyapanga Blanch, na kwamba aliitumia miguu ile kusema jambo kuhusu picha za matangazo zenyewe. Mbunifu wetu hasemi lolote kuhusu picha aliyoikata. Alihitaji jahazi zuri, basi. Isitoshe, ule ni utetezi wa sheria ya Marekani. Sheria ya Kenya imetaja shughuli zinazoruhusiwa, kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari za wakati huo. Tangazo la hoteli haliingii humo.

Dai la pili: “Nimeibadilisha mpaka haitambuliki.”

Kama haitambuliki, mwenyewe aliitambuaje? Hata hivyo, tulichukulie dai hili kwa uzito wake. Kugeuza, kupaka rangi na kuunganisha ni kazi, na kazi hiyo inaweza kukupa haki juu ya ulichoongeza: mpangilio wako, rangi zako, ufukwe wako. Haikupi haki juu ya kilichokuwamo. Kuibadili kazi ya mtu ni mojawapo ya mambo ambayo sheria imemwachia mwenye kazi aruhusu au akatae, kwa hiyo kusema “nimebadilisha” ni kukiri jambo lile lile lililohitaji ruhusa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na hoja ya aina hii mwaka 2023. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili Andy Warhol aitumie kama rejea ya mchoro mmoja, kwa matumizi ya mara moja. Warhol alitengeneza michoro mingine zaidi. Prince alipofariki mwaka 2016, taasisi ya Warhol ililipwa dola 10,000 kwa mmojawapo kutumika kwenye jalada la jarida. Majaji saba dhidi ya wawili walikubaliana na Goldsmith: mchoro ule, kama picha yake, uliuzwa kupamba habari za Prince jaridani, na mtindo mpya peke yake hautoshi. Kama mkono wa Warhol haukutosha, kugeuza jahazi lielekee kushoto hakutatosha.

Dai la tatu: “Ilikuwa bure mtandaoni, haina hata jina.”

Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Chini ya mkataba huo, ulinzi hautegemei kusajili wala kuweka alama ya ©. Kazi hulindwa tangu inapotengenezwa. Jina kukosekana nako hakuthibitishi kitu, maana picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa zilizofichwa ndani ya faili, pamoja na jina la mpigaji, huondolewa njiani.

Mtego mkubwa zaidi ni tovuti zinazogawa vitu vilivyokwisha kukatwa, katika faili za PNG zisizo na mandhari nyuma. Aliyepakia jahazi pale huenda alilikata kwenye picha ya mtu mwingine, na hawezi kukupa ruhusa ambayo mwenyewe hana. Kabla ya kutumia, tafuta kwa picha kwenye Google Lens. Ukiliona jahazi lile lile likiwa na bahari yake, machweo yake na jina la mpiga picha, umeshampata wa kumwomba.

Dai la nne: “Nimemtaja mwenyewe.”

Kumtaja ni wajibu mmoja, ruhusa ni wajibu mwingine. Kutaja hutosha pale tu mwenye picha alipokwisha kutoa ruhusa kwa sharti hilo, na hapo lazima usome leseni hadi mwisho. Turudi kwa jahazi letu, tuchukulie picha yake ina leseni ya Creative Commons. Ikiwa ni CC BY, mtaje, weka kiungo cha leseni na useme kwamba umeibadilisha. Ikiwa ni CC BY-SA, kazi uliyoitohoa kutokana nayo lazima itolewe kwa leseni hiyo hiyo, na hoteli isiyotaka bango lake linakiliwe na kila mtu haitakubali. Ikiwa ni CC BY-NC, tangazo la biashara limekatazwa. Ikiwa ni CC BY-ND, hata kulikata jahazi na kulisambaza kwenye picha nyingine hakuruhusiwi.

Picha isiyo na leseni yoyote huombewa kwa maandishi. Ujumbe mfupi unatosha, mradi utaje picha ipi, kwamba utakata jahazi na kubadili rangi zake, litakapotumika, kwa muda gani na kwa malipo gani. Uliza pia kama picha ilipigwa kwa kuagizwa, kwa sababu nchini Kenya haki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ruhusa ya mpiga picha peke yake yaweza isitoshe. Tunza jibu pamoja na faili la kazi. Na jibu lisipokuja, hesabu kwamba umekataliwa: nenda ufukweni na kamera yako, au bango litoke bila jahazi.