Msiandike shilingi kabla mzigo haujauzwa

Kama kikundi chenu Kalamba, Matiliku au kwingineko katika Makueni na Kitui kimeanza kupokea chupa na katoni za wanachama na kuwawekea salio kitabuni, fungueni daftari hilo leo na mtazame kitu kimoja. Je, mwanachama akishapimiwa, mnaandika kilo au mnaandika shilingi? Kama mnaandika shilingi na mzigo bado uko ghalani, mna deni ambalo hamjui ukubwa wake, na kwa kawaida litaonekana Januari, wanachama wanapokuja pamoja kutoa pesa za karo.

Mpango wenyewe ni mzuri. Umejulikana sana kutoka Indonesia, ambako Bambang Suwerda alianzisha benki ya taka huko Bantul, Yogyakarta, mwaka wa 2008. Mtu analeta taka zilizochambuliwa, zinapimwa, zinaandikwa kwenye kitabu chake na kwenye daftari la kikundi, halafu anakaa na akiba hadi atakapoihitaji. Watu wa kwetu wanauelewa upesi kwa sababu wamezoea chama. Hapo ndipo hatari inapoingilia. Katika chama mtu huleta noti, na noti ya mia moja ni mia moja leo na hata mwisho wa mwezi. Kwenye benki ya taka mtu huleta kitu ambacho bei yake itajulikana siku ya kuuza, na uzito wake nao utapimwa upya na mnunuzi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kikundi kimeahidi shilingi 20 kwa kilo ya chupa nyangavu za maji na soda, zile zenye namba 1 ndani ya alama ya mishale chini ya chupa. Kimefanya hivyo kwa sababu mnunuzi wa Emali alisema atatoa 25. Mwezi wa kwanza wanachama wanaleta kilo 400. Kitabu kinasema kikundi kinadaiwa shilingi 8,000. Mzigo unapofika kwa mnunuzi, anatoa mchanga, maji, chupa za mafuta ya kupikia na plastiki nyingine zilizojificha katikati ya gunia, na mizani yake inasoma kilo 352. Bei nayo imeshuka hadi 22. Analipa shilingi 7,744. Toeni 1,500 za gari na 300 za magunia, mnabaki na 5,944. Pengo ni shilingi 2,056, na hakuna aliyeiba.

Mwezi wa kwanza pengo halionekani, maana si wote wanaotoa pesa. Tuseme miezi mitatu imepita kwa mwendo uleule. Kitabu kinasema 24,000, mauzo halisi yameleta 17,832. Waliokuja mapema wameshachukua 6,000 zao zote, kila shilingi. Waliobaki wanadai 18,000, na kilichopo ni 11,832. Yaani yule mama aliyevumilia na kuweka akiba, ambaye ndiye mpango ulikusudiwa kumsaidia, atapata senti 65 kwa kila shilingi iliyoandikwa kitabuni mwake. Aliyekimbilia kutoa amelipwa kamili. Habari hiyo ikishazagaa sokoni, kila mtu atataka kutoa siku hiyohiyo.

Zile kilo 48 zilipotelea wapi? Sehemu kubwa hupotelea kwenye maji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa kama gramu 18, hivyo kilo moja ni chupa 55 hivi. Kila chupa ikibaki na kijiko kimoja cha chai cha maji, mmeongeza zaidi ya robo kilo ya maji juu ya kila kilo ya plastiki. Hakuna udanganyifu hapo. Mtu amesuuza chupa vizuri kama mlivyomwagiza, akafunga kifuniko kabla haijakauka. Katoni ni mbaya zaidi, hasa vuli ikianza kunyesha, kwa sababu katoni hufyonza maji na kwa nje huonekana sawa tu. Ibonyezeni kwa kidole: kavu inarudi na kutoa sauti, iliyolowa inabaki imebonyea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanyike kabla mizani haijaguswa. Kila gunia limwagwe chini, juu ya turubai, mwenyewe akiwa amesimama hapo. Vifuniko vifunguliwe, maji yamwagwe, kisichofaa arudishiwe mkononi. Inachosha, na foleni itanung'unika. Lakini msipokagua, hasara ya gunia chafu inagawanywa kwa wote, na aliyekausha chupa zake kwa siku mbili juani anamlipia asiyejali. Kwa eneo letu la maembe kuna jambo jingine ambalo halina mjadala: vyombo vya dawa ya kunyunyizia miembe visipokelewe pamoja na chupa nyingine, hata vikiwa vimeoshwa. Gunia moja lenye harufu ya dawa linaweza kufanya mnunuzi aukatae mzigo mzima, mbali na madhara kwa akina mama wanaochambua kwa mikono mitupu.

Baada ya hapo andikeni kilo peke yake, aina kwa aina, pamoja na namba ya mzigo. Mzigo wa kwanza unaitwa 1, na kila kilichopokelewa kuanzia siku hiyo hadi gari lilipoondoka ni cha mzigo 1. Gari likirudi na risiti, mnafunga mzigo huo: mauzo, toa gari, toa magunia, toa sehemu ya kikundi mliyokubaliana, kinachobaki gawanyeni kwa kilo mlizopokea kwa wanachama. Katika mfano wetu, kabla kikundi hakijakata chochote, 5,944 kwa kilo 400 ni shilingi 14 na senti 86. Aliyeleta kilo 12 anaandikiwa shilingi 178 na senti 32. Ni pungufu ya 240 alizoahidiwa, na atalalamika. Lakini ni pesa zilizopo, anaweza kuzichukua hata kesho.

Wapo watakaosema mama hawezi kungoja hadi mzigo uuzwe. Ni kweli kwa wengine. Basi lipeni malipo ya awali ya chini sana, tuseme shilingi 8 kwa kilo, mkimalizia baada ya mauzo. Cha muhimu ni kwamba malipo ya awali yawe chini ya bei mbaya kabisa mnayoweza kuifikiria, wala yasipandishwe kwa sababu kikundi cha jirani kimetangaza bei kubwa.

Bei haiibiwi kwa urahisi mbele ya watu; uzito ndio huibiwa, mara nyingi bila nia. Tazameni safu ya kilo kwenye daftari lenu. Kama namba zote ni nzima, 3, 5, 2, 7, bila nukta hata moja, basi mwandishi anakata vipande. Aliyeleta kilo 12 na gramu 700 amepoteza gramu 700, sehemu ndogo ya mzigo wake. Mtoto au bibi aliyeleta gramu 800 ameandikiwa sifuri. Wadogo ndio wanaolipa, na ukifika wakati wa kuuza, zile gramu zilizokatwa zinaonekana kama faida isiyo na mwenyewe. Andikeni hadi gramu 100. Kama mizani yenu haiwezi kusoma hivyo, haifai kwa kazi hii.

Na mizani yenyewe, kisheria, kifaa kinachotumika kununua na kuuza lazima kikaguliwe na kupigwa mhuri na ofisa wa vipimo na mizani, na ukaguzi huo urudiwe kila mwaka. Ile ya kuning'iniza yenye springi huchoka polepole, na mshale haurudi tena kwenye sifuri. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine mna kipimo cha haraka dukani: bale ya unga wa mahindi yenye pakiti 12 za kilo mbili. Inapaswa kusoma kilo 24 na kidogo tu cha karatasi. Ikisoma 22, mmewapunja wanachama wote tangu siku msiyoijua. Ikisoma 26, mmejipunja wenyewe, na pengo lenu lina maelezo.

Kuhusu vitabu, maneno machache. Mwanachama awe na chake nyumbani na kikundi kiwe na daftari lake, vyote viandikwe kwa kalamu papo hapo na wote wawili watie sahihi. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, lisifutwe. Anayepima asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye mwenye laini ya M-Pesa ya kikundi. Risiti ya mnunuzi ibandikwe kwenye ukurasa wa mzigo wake, na chini yake iandikwe tofauti kati ya kilo mlizopokea na kilo alizolipia. Kila mwezi katibu ajumlishe masalio ya wanachama wote na kuyasoma kikaoni karibu na salio la M-Pesa na la benki. Pesa zilizopo zikiwa pungufu ya masalio hayo, au mweka hazina akisema jumla ataileta wiki ijayo, hapo pana tatizo tayari.

Vyuma viacheni. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, biashara hiyo inahitaji leseni, na serikali iliisimamisha kabisa Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuharibiwa, hadi ikafunguliwa tena Mei mwaka huohuo. Kipande kimoja cha waya wa umeme ndani ya gunia la mwanachama kinaweza kuwapeleka viongozi kituoni. Pia msipake neno "Benki" kwenye bango la kikundi, kwa sababu Sheria ya Benki inakataza kulitumia katika jina la biashara bila idhini. Sajilini kikundi kwa ofisa wa maendeleo ya jamii chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi, kwa jina lisilo na neno hilo. Wala msipokee pesa taslimu za watu wa nje kwa ahadi ya riba. Hiyo ni biashara nyingine yenye sheria zake.

Na kama mmeshajumlisha jioni hii mkakuta pengo, msilizibe kwa mzigo unaofuata, kwani mtakuwa mnawalipa wa jana kwa chupa za wa leo. Simamisheni utoaji kwa wote siku hiyohiyo, viongozi na jamaa zao wakiwemo. Iteni kikao, someni kiasi kinachodaiwa na kiasi kilichopo, na mgawanye kilichopo kwa uwiano mmoja kwa kila mwenye salio. Waliotoa kamili mapema wasitukanwe, hawakuvunja kanuni yoyote, ila kikao kinaweza kukubaliana ziada yao ikatwe kwenye mizigo yao ijayo. Kisha daftari la shilingi lifungwe kwa mstari na sahihi, na mzigo mpya uanze kwenye ukurasa mweupe, kwa kilo.