Maji Kwanza, Rangi Baadaye: Wito kwa Saluni na Vinyozi wa Eastlands

Dada zangu wa saluni za Umoja, Donholm na Buruburu, kaka zangu vinyozi wa Kayole, Dandora na Kariobangi, na wewe mteja unayekaa kwenye viti vyao siku ya Jumamosi, nina ombi moja. Kabla rangi haijachanganywa, maji ya kuisuuza yawe tayari ndani. Yasiwe kwenye mkokoteni yakiwa njiani, wala kwenye bomba kwa kuwa jana lilitoa. Yawe kwenye mtungi, mnayaona kwa macho.

Huku kwetu hilo si jambo dogo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, nayo hugawanywa kwa ratiba, mtaa baada ya mtaa. Siku ya zamu tunajaza kila chombo, na siku nyingine tunanunua mitungi ya lita 20. Kwa hiyo saluni nyingi hubania maji pale pale yanapohitajika zaidi, yaani rangi inapotoka kichwani. Mteja anamwagiwa jagi moja la haraka, shampuu inapakwa juu ya rangi ambayo bado ni nzito, povu linasuguliwa, kisha taulo. Wiki mbili baadaye anarudi akilalamika kwamba rangi imechuja na mvi zinachungulia, na lawama zote zinaiangukia paketi.

Mara nyingi paketi haina kosa. Rangi ya kudumu huingia kwenye unywele ikiwa chembe ndogo zisizo na rangi kamili. Peroksidi ndiyo inayoziunganisha humo ndani mpaka zinakuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka zilikoingilia, na hapo ndipo rangi tunayoiona inapozaliwa. Kazi hiyo inakwenda kwa dakika. Kwa rangi nyingi za krimu zinazochanganywa na peroksidi ya asilimia 6, ile chupa iliyoandikwa 20, maelekezo huwa ni kama nusu saa hadi dakika 45. Rangi ya unga inayokorogwa kwa maji ina muda wake, na kila paketi huutaja. Ukisuuza mapema, chembe nyingi hazijaungana bado, na zinatoka na maji ya kwanza. Nywele nyeusi hubaki na wekundu usiotakiwa, na mvi hushika rangi nusunusu. Ukichelewa sana kwa sababu mwenye mkokoteni hajafika, rangi haizidi kuwa nzuri. Inakauka na kung'ang'ania, huku dawa iliyobaki ikiendelea kukausha nywele na kuchoma ngozi.

Saa ihesabiwe kuanzia unapomaliza kupaka, isipokuwa paketi iseme vinginevyo, na msikadirie kwa macho. Mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi na mlango wa saluni ukiwa wazi, rangi hufanya kazi polepole kuliko Februari. Chini ya drayeri ya kofia inakimbia. Hata kichwani penyewe mwendo si mmoja, kwa sababu mizizi hupata joto la ngozi na huwahi kuiva kabla ya ncha. Ndiyo maana wengi hutoka na mizizi inayong'aa na ncha zilizofifia.

Kuna hatua kati ya rangi na suuza ambayo karibu kila saluni yenye haraka huiruka. Ni kuilegeza rangi kwa maji kidogo kabla ya kuisuuza. Tuseme dada mwenye nywele fupi za asili ameweka bagandi, na dakika zake zinakaribia kutimia. Usimpeleke moja kwa moja chini ya maji. Ukiwa na glavu mkononi, chukua nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na uyadondoshe kichwani kidogo kidogo, huku ukizungusha ncha za vidole, si kucha. Anzia paji la uso, pita nyuma ya masikio, shuka kisogoni, halafu ingia katikati. Mwanzoni rangi ni nzito na inashika vidole. Baada ya dakika moja hivi inaanza kuteleza na kutoa povu jepesi, ingawa shampuu haijaguswa. Povu hilo linatoka kwenye rangi yenyewe, kwa sababu krimu yake ina mafuta na vitu vya kuyachanganya na maji. Ongeza nusu kikombe kingine na uendelee dakika mbili tatu mpaka kila sehemu inateleza sawasawa.

Dakika hizo zina kazi tatu. Rangi iliyolegea inabanduka yenyewe, kwa hiyo maji ya kusuuza yanapungua, na kwetu huo ni msaada wa mfukoni. Povu lile pia huondoa sehemu kubwa ya madoa ya pajini na masikioni, yale ambayo kwa kawaida tunayasugua kwa spiriti mpaka mteja analia. Na rangi iliyobaki hutembea kutoka kwenye mizizi hadi kwenye ncha, kwa hiyo mwanya kati ya mizizi na ncha unapungua. Ila rangi bado inafanya kazi wakati huo, basi dakika hizo zihesabiwe kwenye muda wote, hasa kwa rangi nyepesi au nywele zilizopitia blichi.

Sasa tuje kwenye joto la maji. Maji ya moto huufanya unywele uvimbe zaidi, na unywele uliotoka kwenye rangi tayari umevimba kwa sababu ya dawa. Rangi inatoka kwa wingi, na bagandi na jamii zote za wekundu ndizo huathirika kwanza. Maji ya baridi kabisa nayo yana tabu yake. Mafuta ya krimu hayalegei vizuri, unamwaga jagi baada ya jagi, na bado mabaki yanabaki kwenye ngozi. Kinachofaa ni uvuguvugu, karibu na joto la mwili.

Hamhitaji kipimajoto kuupata. Kwa mwinuko wa Nairobi, maji huchemka karibu digrii 95, si 100. Ukichukua jagi moja la maji yanayochemka ukalichanganya na majagi matatu ya maji ya mtungi, ambayo asubuhi ya baridi yanaweza kuwa kama digrii 17, unapata maji ya digrii 36 au 37. Jagi likiwa la lita 2, hizo ni lita 8 za uvuguvugu kutoka kwenye birika moja la umeme. Tangulizeni maji baridi kwenye ndoo ndipo mmimine ya moto, na mjaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Yakikuchoma wewe, yatamchoma mteja. Kwa nywele fupi zilizolegezwa vizuri, lita 8 hizo mara nyingi hutosha kusuuza, na zilizobaki kwenye mtungi wa lita 20 zinafanya kazi ya shampuu na kondishena.

Suuza mpaka lini? Wekeni beseni jeupe chini ya kichwa. Maji ya kwanza yatakuwa mazito, ya pili yatapungua, na shampuu isifunguliwe mpaka beseni lionyeshe maji yaliyo karibu kuwa safi. Nywele zenyewe zitasema pia. Ukizibana kati ya vidole na bado zinateleza kama zimepakwa mafuta, rangi imo. Sababu ya kungoja ni kwamba povu la shampuu hufunika mabaki. Unaona jeupe, unadhani umemaliza, kumbe unasugua dawa ile ile kwenye ngozi, na kusugua nywele zilizovimba ndiko kunakozichakaza. Baada ya suuza kamili, shampuu laini mara moja inatosha.

Kisha kondishena, dakika tatu au zaidi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba maji baridi ya mwisho ndiyo yanayofunga nywele. Mimi naona sifa hiyo imetiwa chumvi. Maji ya baridi hayadhuru, na yanapunguza rangi inayoendelea kutoka, lakini kinachotuliza unywele uliovimba ni ile asidi kidogo iliyomo kwenye kondishena. Mkilazimika kubania maji, msiiruke kondishena ili mpate jagi la baridi.

Wenye rasta wanahitaji uangalizi wa peke yake. Rasta hunywa rangi mpaka ndani, na maji ya beseni yanaweza kuonekana safi wakati kiini bado kimejaa. Kamua rasta moja moja kutoka juu kwenda chini, suuza, kisha kamua tena kwa taulo jeupe. Taulo likitoka na doa, rudia. Mtungi mmoja hautoshi kwa rasta zinazofika mabegani, na ni heri kumwambia mteja hivyo kabla hajakaa kuliko kumrudisha nyumbani akachafue mto. Kwa kaka vinyozi mnaoweka piko kwenye ndevu, taulo la moto lisiguse uso kabla ndevu hazijalegezwa na kusuuzwa. Joto lile na rangi iliyobaki huacha kivuli cheusi shavuni.

Tena rangi nyingi nyeusi, za krimu na za unga, zina PPD, kemikali inayowasha baadhi ya watu vibaya sana. Jaribio la tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, saa 48 kabla, ndilo linalotakiwa na paketi, hata kwa mteja wa miaka mingi, kwa sababu mwili unaweza kuanza kuikataa wakati wowote. Na mtu akisema ngozi inamuwasha au inamchoma wakati rangi iko kichwani, msitazame saa. Msuuzeni papo hapo. Akivimba uso au akipata shida kupumua, apelekwe hospitali bila kungoja.

Nawe mteja, una nafasi yako katika hili. Ukifika saluni uliza kwa upole, "Dada, maji yapo?" na ukubali kurudi siku ya zamu kama hayapo. Ukiwekewa rangi, soma saa pamoja na anayekuhudumia. Nyumbani, kaa siku mbili tatu kabla ya kuosha tena, na ukiosha tumia uvuguvugu ule ule wa jagi moja kwa matatu.

Kwa wenye saluni, ombi langu la wiki hii ni vitu vitatu kando ya sinki: beseni jeupe, kikombe cha kulegezea rangi, na mtungi uliojaa usioguswa kwa kazi nyingine mpaka rangi itoke. Ratiba ya mgao bandikeni ukutani karibu na bei, na kazi za rangi zipangeni siku inayofuata zamu yenu, mapipa yakiwa bado yamejaa.