Kipande Kimoja cha Mteremko

Mhandisi anayepima mteremko hudhania kwamba udongo utateleza juu ya mkunjo fulani wa duara, kisha huukata udongo ulio juu ya mkunjo huo kuwa vipande vya wima, mithili ya mkate.

Chukua kipande kimoja: upana mita 2, kimo mita 5, kitako kimeinama digrii 30. Kwa kila mita ya urefu wa mteremko kina uzito wa kilonyutoni 180, na 90 kati ya hizo hukisukuma chini kufuata kitako. Msuguano na mshikamano wa udongo mkavu hukizuia kwa 113. Hesabu halisi hujumlisha vipande vyote, lakini hiki peke yake kina uwiano wa usalama wa 1.26. Mvua ikinyesha na maji yakasukuma kitako juu kwa kilopaskali 20, msuguano hupungua na uwiano hushuka hadi 0.96. Uzito haukuguswa.

Basi 1.26 maana yake ni kwamba nguvu ya udongo ikigawanywa kwa 1.26, kipande kiko ukingoni. Haisemi uwezekano wa kuporomoka. Mteremko wa 1.5 uliokisiwa kwa sampuli mbili waweza kuwa hatari kuliko wa 1.3 uliopimwa vizuri.

Njia hii ya Fellenius hupuuza misukumo kati ya vipande; Bishop alirekebisha sehemu ya kasoro hiyo mwaka 1955. Mikunjo mingi hujaribiwa, na inayohesabika ni yenye uwiano mdogo kuliko yote.