Barua ya Kujiuzulu Isiyosema Ukweli

Mtu akifukuzwa kazi Busia au Malaba, jambo liko wazi: ana barua mkononi, au amefungiwa geti. Aliyeonewa mpaka akaondoka mwenyewe hana hata hilo. Barua iliyopo aliiandika yeye, na ndiyo mwajiri atakayoitoa mahakamani. Toleo hili ni lake, na hoja yangu ni hii: dai lake litasimama au kuanguka kwa jinsi anavyoyaeleza mambo yaliyotokea.

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachotaja moja kwa moja kujiuzulu kwa kulazimishwa. Kanuni zake zimewekwa na majaji, na msingi wake nchini Kenya ni hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 2015 iliyohusu kampuni ya Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati. Kipimo ni mkataba. Haitoshi kwamba mkubwa alikuwa mkali au hakutumia busara; lazima awe amevunja jambo la msingi katika makubaliano ya kazi. Mfanyakazi ndiye anayepaswa kuthibitisha hilo, tena aonyeshe kwamba aliondoka kwa sababu hiyo na hakukaa kimya muda mrefu kana kwamba ameridhika.

Tuchukue mfano wa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha pale Malaba. Mshahara wake ni shilingi 28,000 na mkataba wake unasema kazi ya mchana. Anaandika hivi: "Msimamizi alininyanyasa kila siku mpaka nikashindwa kuvumilia." Huenda ni kweli tupu, lakini hakimu hana cha kushika hapo. Sasa asome haya:

"Tarehe 9 Aprili saa tatu asubuhi, mbele ya madereva wawili, msimamizi aliniita mjinga, akaagiza nifungiwe mfumo wa forodha. Tangu hapo sikupewa kazi. Tarehe 30 Aprili mshahara ulikuja ukiwa pungufu kwa shilingi 6,000, bila barua. Tarehe 6 Mei nilimwandikia mkurugenzi, hakujibu. Tarehe 20 Mei nilihamishiwa zamu ya usiku bila kushauriwa. Tarehe 23 Mei niliacha kazi kwa sababu ya mambo haya."

Ni karani yuleyule na mateso yaleyale, ila sasa kila tukio lina siku yake. Tusi peke yake lingeweza kupita kama hasira ya asubuhi moja. Lakini mshahara uliokatwa na zamu iliyobadilishwa vinagusa masharti yaliyoandikwa, na sheria inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Malalamiko ya Mei 6 yanaonyesha hakuridhika. Sentensi ya mwisho, ambayo wengi huisahau, ndiyo inayounganisha uonevu na kuondoka kwake.

Hapa mpakani kuna shida ya mashahidi. Wale madereva wawili kesho wako Kampala, keshokutwa pengine Juba. Andika jina, nambari ya simu na nambari ya lori siku hiyohiyo. Tusi nalo liandike kwa lugha lilivyotamkwa, iwe Kiteso, Kisamia au Kiganda, kisha ulitafsiri. Hati ya malipo na ujumbe wa simu vihifadhi nje ya ofisi, maana ukishaondoka hutarudi kuvichukua.

Kinachoniumiza zaidi ni barua ya kujiuzulu. Watu waliodhulumiwa huandika kwamba wanaondoka "kwa sababu za kibinafsi" na kumshukuru mwajiri, wakihofia kunyimwa cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki ya mfanyakazi chini ya kifungu cha 51, na mwajiri hakitoi kwa hisani. Barua ya shukrani inaua ile sentensi ya mwisho. Taja sababu yako kwa mistari mitatu, bila matusi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa sahihi ya kupokelewa.

Mshahara wako usipozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, dai linaweza kusikilizwa na hakimu aliyeidhinishwa. Fidia haizidi mishahara ya miezi 12. Kwa karani wetu ni shilingi 336,000, nayo ni kikomo tu, wala si ahadi. Ukitaka kulalamika kwa ofisa wa leba, sheria inatoa miezi mitatu tangu kuondoka. Mahakamani ni miaka mitatu, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu ya siku.

Kwa hiyo, msomaji unayeonewa leo, nunua daftari kabla hujaandika barua, na tukio la jana liandike usiku huu.