Dola 116 si shilingi 14,987: hesabu iliyonigombanisha na mhazini wa Embu

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina risiti. Naomba mnivumilie, kwa sababu risiti hii nusura inipotezee mteja.

Mimi nakaa Meru, na mmoja wa wateja wangu ni chama cha ushirika kule Embu. Niliwatengenezea mfumo mdogo wa kuweka hesabu za wanachama, na kila mwaka huwa nawalipia seva kwa kadi yangu, kisha wananirudishia pesa. Mwaka 2025 bei ya seva ilikuwa dola 100 kwa mwaka. Juu yake muuzaji aliongeza kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya, asilimia 16, jumla dola 116. Nililipa, nikapanda matatu, nikapitia Chuka hadi Embu na karatasi zangu mkononi.

Mama mhazini ni mtu makini. Alitoa simu yake, akaandika dola 116 kwenye Google, akaniangalia juu ya miwani. "Kijana wangu, hapa naona 14,987. Wewe umeandika 15,770. Hizi mia saba themanini ni za nini?"

Nikamwambia, "Mama, hizo ni za benki." Akaniuliza ziko wapi kwenye taarifa ya benki. Nikamwonyesha: palikuwa na ada ya shilingi 150 na ushuru wa bidhaa wa shilingi 30. Jumla 180. Mia sita zilizobaki hazikuwa zimeandikwa popote. Jamani, niliona aibu kama mwizi, na sikuwa nimeiba kitu.

Nilirudi Meru nikakaa chini na kalamu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ile namba ya Google si bei. Ni katikati ya bei mbili, ile ya kununua dola na ile ya kuuza dola. Fikiria ndizi za Mitunguu. Dalali ananunua mkungu shambani kwa shilingi 300, anauuza sokoni Gakoromone kwa 450. Mtu akikwambia "bei ya mkungu ni 375" hajakudanganya, lakini hakuna mkulima atakayelipwa 375 wala mama wa sokoni atakayeuziwa kwa 375. Hata kiwango ambacho Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila siku ni cha kuongoza tu. Kinakuonyesha soko liko wapi, hakimlazimishi mtu akuuzie dola kwa bei hiyo.

Siku ile Google ilisema dola moja ni shilingi 129.20. Mara 116, unapata 14,987.20. Hiyo ndiyo namba ya mama mhazini.

Pili, ukilipa kwa kadi, anayebadilisha pesa mwanzoni ni mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Kila mmoja ana kiwango chake cha siku, na wote wawili wameweka kikokotoo kwenye tovuti zao ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bure. Nilitafuta kiwango cha siku ile nikapata 129.85. Mara 116, ni 15,062.60. Kwa hiyo mtandao wa kadi ulinigharimu shilingi 75 na senti 40 tu zaidi ya Google. Hapo hakuna kesi.

Tatu ndipo penye kesi. Benki iliyonipa kadi huchukua hesabu hiyo ya mtandao na kuongeza asilimia fulani juu yake kabla ya kukata akaunti. Benki nyingine huiandika nyongeza hiyo kama ada, kwenye mstari wake. Yangu iliimeza ndani ya kiwango. Kwenye taarifa niliona mstari mmoja tu: 15,589.79. Anayeusoma anadhani hiyo ndiyo bei ya dola siku hiyo.

Lakini unaweza kuifukua. Gawanya shilingi zilizokatwa kwa dola ulizonunua: 15,589.79 gawanya kwa 116 ni 134.39. Kisha gawanya hiyo kwa kiwango cha mtandao, 129.85. Jibu ni 1.035. Ile .035 ndiyo nyongeza ya benki, asilimia 3.5. Kwa pesa ni shilingi 527. Sasa rudi kwa mama mhazini: 75 za mtandao, 527 za nyongeza, 180 za ada na ushuru wake. Jumla 782 na senti zake. Mia saba themanini zake zimepatikana zote.

Kwa wenzangu wa kuandika programu, hesabu nzima ni mstari mmoja:

```python
def gharama(dola, kiwango, nyongeza, ada, ushuru):
    return dola * kiwango * (1 + nyongeza) + ada * (1 + ushuru)

print(round(gharama(116, 129.85, 0.035, 150, 0.20), 2))
# 15769.79
```

Namba za nyongeza, ada na ushuru ni za taarifa yangu. Weka zako, usiazime zangu, kwa sababu kila benki na kila aina ya kadi ina zake.

Angalieni kitu kimoja kwenye fomula hiyo. Nyongeza inakua na ununuzi, ada haikui. Kwenye dola 116, nyongeza ndiyo iliyoniumiza. Lakini jina la tovuti la dola 12 ni hadithi nyingine. Kwa viwango vilevile linanigharimu shilingi 1,792.74, wakati Google inasema 1,550.40. Hapo nimelipa karibu asilimia 16 zaidi, na sehemu kubwa ni zile 180. Ndiyo maana nimeacha kulipia seva kila mwezi. Miezi 12 mara 180 ni shilingi 2,160, pesa za ada tupu. Nalipa mara moja kwa mwaka. Ila kama hujui kama mradi utafika Desemba, lipa kila mwezi tu, maana kurudishiwa pesa nako kuna maumivu yake.

Niyaeleze hayo maumivu. Muuzaji akirudisha dola zako, hazirudi kwa kiwango ulichonunulia. Zinabadilishwa upya kwa kiwango cha siku zinapopita kwenye mtandao wa kadi, na ile nyongeza ya benki inaweza kugeuka dhidi yako mara ya pili. Mnakumbuka Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160? Mwezi wa pili serikali ikauza hati fungani mpya nje ili kununua sehemu ya deni la zamani, shilingi ikapata nguvu, na mwishoni mwa Machi dola ilikuwa chini ya 135. Aliyelipa dola 100 mwezi wa kwanza alitoa zaidi ya 16,000. Aliyerudishiwa dola 100 zilezile mwisho wa Machi alipata chini ya 13,500. Muuzaji amerudisha kila senti, na bado umepoteza zaidi ya 2,500.

Tarehe inakuchezea hata bila kurudishiwa. Ukibonyeza kulipa, benki huzuia kiasi fulani kwanza, na ujumbe wa simu unaopata unaonyesha hicho. Malipo yenyewe hukamilika baadaye, mara nyingi siku moja au chache, na hapo ndipo kiwango cha kweli hutumika. Kwa hiyo usimpe mteja ujumbe wa simu kama risiti. Ngoja mstari wa mwisho kwenye taarifa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Baadhi ya tovuti zikigundua kadi yako ni ya Kenya hukuuliza kama ungependa kulipa kwa shilingi badala ya dola. Unaona namba unayoifahamu, moyo unatulia. Mara nyingi kiwango hicho ni cha muuzaji au kampuni inayompokelea malipo, na ndani yake wameweka nyongeza yao. Usikisie, gawanya. Chukua shilingi wanazotaka, gawanya kwa bei ya dola. Kwangu mimi jibu likizidi 134.39 nakataa, nalipa kwa dola. Na hata likiwa chini kidogo nauliza benki kwanza, kwa sababu benki nyingine hukata ada ya muuzaji wa nje hata kama malipo yalikuwa ya shilingi.

Najua kuna atakayesema dawa ni kufungua akaunti ya dola. Kama unalipwa kwa dola, sawa kabisa, lipa kwa dola hizohizo na hakuna ubadilishaji. Lakini kama kipato chako ni shilingi, itabidi ununue dola benki kwanza, kwa bei yao ya kuuza. Pengo halijaondoka, umelihamisha tu kutoka kwenye kadi hadi kaunta.

Sasa maoni yangu. Mimi siichukii ile asilimia 3.5. Benki inafanya kazi na inataka kulipwa, kama dalali wa ndizi. Ninachokataa ni kuandikiwa ada ya 150 kwa herufi kubwa na kufichiwa 527 ndani ya kiwango. Benki inayajua yote matatu inapokata akaunti: dola ngapi, kiwango cha mtandao kipi, nyongeza kiasi gani. Kuyaweka kwenye taarifa ni mistari mitatu ya maandishi. Nimeandika ripoti ngumu kuliko hiyo kwa chama cha ushirika, na kwa malipo madogo kuliko ya wao.

Na sisi tunaotengenezea watu mifumo tuna kosa letu. Nilimwandikia mteja makadirio kwa kiwango cha Google, halafu nikashangaa aliponishika kwa namba yangu mwenyewe. Siku hizi naandika bei kwa dola, naandika kwamba shilingi ni dola mara kiwango changu halisi pamoja na ada, na naahidi kuleta mstari wa taarifa. Kiwango halisi napata kwa kugawanya kila kitu kilichokatwa kwa dola: 15,769.79 kwa 116, yaani karibu 136.

Nilimrudia mama mhazini na karatasi hiyo. Aliisoma mara mbili, akachukua kikokotoo chake cha mezani, akagawanya mwenyewe. Kisha akatoa kitabu cha hundi. "Mwaka ujao," akasema, "leta hii karatasi kwanza, ndiyo ulete bei."

Nyinyi benki zenu zinawaongezea ngapi? Gawanyeni mniambie.