Taulo Halikuonekana

Suala la wiki hii limenifikia kutoka bara. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, anaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba 6 huko Siongiroi, upande wa Chepalungu katika kaunti ya Bomet. Alihesabu mataulo yake akaona yamepungua 5, naye anauliza kama yafaa kuyakata katika mshahara wa binti anayesafisha vyumba. Taulo moja ni shilingi 600, kwa hiyo makato ni shilingi 3,000. Kwa mtumishi wa gesti, hizo si fedha ndogo.

Nilimwomba tulisome kwanza daftari la vyumba. Kumbe lilikuwapo, na binti yule alilijaza kila asubuhi, ila hapakuwa na mtu aliyelifungua tangu lilipoanza.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kila chumba kina haki ya mataulo 2, hivyo vyumba 6 vinatumia 12 kwa wakati mmoja. Alinunua seti tatu, jumla mataulo 36: seti moja iwe chumbani, ya pili iwe katika kufuliwa, ya tatu ikae kabatini. Siku ya kuhesabu alipata 11 kabatini na 8 kwenye kamba, akaongeza 12 za vyumbani, akapata 31. Lakini zile 12 hakuzihesabu kwa mkono. Alizidisha tu vyumba 6 kwa 2. Hilo ni kosa la kawaida kabisa kwa wenye gesti. Orodha hueleza kinachopaswa kuwamo chumbani, na mkono ndio huonyesha kilichomo. Walipoingia vyumbani mmoja baada ya mwingine, chumba namba 4 kilikuwa na mataulo 3, kwa kuwa mgeni wa siku nyingi aliomba la ziada akapewa. Taulo la kwanza likapatikana.

Mawili mengine yalikuwa ndani ya ndoo ya kupigia deki. Yalichakaa, yakageuzwa matambara, na hakuna aliyeyafuta katika hesabu. Taulo likistaafu, likatwe pembe na liandikwe siku hiyo hiyo, la sivyo litahesabiwa kuwa limepotea miezi sita baadaye.

La nne lilionekana katika ukurasa wa kufua. Siku ya Ijumaa yalitoka mataulo 9 kwenda kufuliwa, yakarudi 8. Walipofungua foronya zilizokunjwa kabatini, walilikuta limejiviringa ndani ya mojawapo. Taulo dogo hupenda kujificha humo, kwa hiyo kila foronya na ikung'utwe kabla ya kukunjwa.

La tano ndilo lililopotea kweli. Jumapili, mgeni wa chumba namba 6 aliondoka alfajiri, funguo akaiacha mlangoni. Binti aliandika katika daftari: mataulo machafu yaliyotolewa 1, safi yaliyowekwa 2. Pembeni akaongeza kwa kalamu ya risasi: "moja halipo." Aliyeficha jambo haandiki hivyo.

Sasa nieleze kwa nini hesabu za namna hii huvurugika zaidi huko kuliko kwetu. Pwani, taulo lililoanikwa asubuhi huwa kavu adhuhuri. Katika nchi ya juu yenye baridi, mvua za Aprili na Mei zikianza, taulo nene laweza kukaa na unyevu siku mbili. Kamba inabeba mafuo ya siku mbili, kabati linabaki tupu, na mgeni amesimama mlangoni. Mtumishi afanyeje? Anachukua taulo la chumba namba 5 kisicho na mtu, analipeleka namba 2, akikusudia kulirudisha. Kesho yake namba 5 inaonekana imeibiwa. Dawa ya hapo ni seti ya nne ya mataulo kwa msimu wa mvua. Mashuka ni mepesi, hukauka upesi. Seti tatu huenda zikatosha.

Dawa ya pili haina gharama: chafu moja kwa safi moja. Mwenye ufunguo wa kabati asitoe taulo safi mpaka amepokea chafu mkononi na kulihesabu. Likiletwa chafu 1 na kuombwa safi 2, pengo linajulikana papo hapo, hali mgeni bado hajafika mbali.

Ama ukaguzi wa kila siku, wakati wake ni pale mgeni anapokabidhi ufunguo, si saa sita mchana. Mtumishi aingie, aanzie mlangoni, afuate ukuta kwa mkono wa kulia mpaka arudi mlangoni, kisha bafuni. Kwa njia hiyo hapiti kitu. Vitambaa na vihesabiwe, na vilivyofungwa ukutani na vijaribiwe. Rimoti yaweza kuwapo mezani huku betri zake zimechukuliwa. Balbu yaweza kuwapo, nayo ni mbovu iliyobadilishwa na nzima. Kwa hiyo awashe taa, abonyeze rimoti, afungue bomba, awashe shawa ya maji moto, avute pazia, azungushe kitasa. Blanketi alitazame alama yake, kwani jipya laweza kuondoka na kuukuu likaachwa. Nashauri alama ya uzi wa rangi kwenye pindo, pamoja na mwezi lilipoanza kutumika. Namba ya chumba isiandikwe kwenye taulo, maana mataulo huzunguka. Iandikwe kwenye rimoti na ufunguo.

Chumba chenye mgeni hukaguliwa pia, ila mikoba yake haiguswi kabisa.

Kitu kikikosekana, ripoti iandikwe siku ile ile: tarehe na saa, chumba, kitu na alama yake, nani alikiona mara ya mwisho na lini, pamekwisha tafutwa wapi, kisha saini mbili, ya mtumishi na ya msimamizi. Neno la kuandika ni "hakikuonekana". Neno "kimeibwa" ni hukumu, na ripoti si hukumu. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, na katika nyumba ya wageni dhana huwahi kumwangukia mnyonge aliye karibu. Nafasi ya mwisho iachwe wazi, ijazwe matokeo yakijulikana.

Na hayo makato? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa kukusudia. Mgeni kuondoka na taulo alfajiri si kosa la binti, na matambara ya deki si wizi. Hakuna hata shilingi moja ya kumkata.

Dada yetu sasa ana mataulo 33. Anunue 3: mawili ayaandike katika uchakavu, moja katika hasara ya biashara. Mgeni wa namba 6 aliacha nambari ya simu kitabuni. Apigiwe kwa adabu aulizwe kama taulo lilichanganyika na nguo zake, na jibu lake, liwe ndiyo au la, lijazwe katika ile nafasi iliyoachwa wazi.